Mtoto mwenye influenza anaambukiza kwa siku ngapi, na arudi shuleni lini?

*Dokta, shikamoo na pole na kazi. Mwanangu wa miaka minane, wa darasa la pili, alianza homa Jumapili jioni ya wiki iliyopita, pamoja na kikohozi na maumivu ya mwili. Jumatatu nilimpeleka zahanati, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na tabibu akasema ni influenza. Alhamisi aliamka hana joto, nikampa parasetamoli ya maji saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili asizidiwe njiani, akaenda shule. Saa sita mchana nilipigiwa simu nikamchukue, joto lake ni 38.6. Dozi ya mwisho nilimpa usiku huo saa nne, na joto halijarudi tena. Ijumaa nilinunua kipimajoto, na jioni kilisoma 36.9 kwapani.*

*Leo Jumatatu nimempeleka, mwalimu wa darasa amemrudisha kwa kuwa bado anakohoa, akisema asirudi mpaka kikohozi kiishe kabisa. Baba yake anasema siku tano zinamtosha mtu yeyote. Jirani anasema ningempa amoksilini, kwani mtoto akishaanza antibiotiki haambukizi tena. Mdogo wake wa miaka mitano, aliye darasa la awali, ameanza homa jana. Halafu mama mkwe wangu, ambaye ana kisukari, analala chumba kimoja na huyu mkubwa. Nimfuate nani?*

*Mama wa wavulana wawili, Moshi*

Marahaba, mama, na pole sana kwa kuuguza. Nianze na jibu lenyewe. Mwanao mkubwa alistahili kuingia darasani leo, hata kama anakohoa. Mdogo wake abaki nyumbani, na hesabu ya siku zake ni yake peke yake, haiungani na ya kaka yake. Chumba cha bibi nacho kina kipimo chake, tena kikali kuliko cha shule, na nitakifikia mwishoni.

Virusi vya influenza vikishaingia mwilini, dalili hutokea kati ya siku 1 na siku 4 baadaye, na kwa wengi ni siku ya 2. Mgonjwa huanza kuambukiza wenzake takriban siku moja kabla hajajisikia vibaya. Kwa mwanao, homa ilianza Jumapili jioni, kwa hiyo yaelekea tangu Jumamosi au Jumapili asubuhi, alipokuwa akicheza na kula kama kawaida, tayari alikuwa akitoa virusi kwa pumzi na makamasi yake. Siku hizo hakuna mzazi wala mwalimu ambaye angeweza kumzuia, kwa sababu hapakuwa na cha kuona. Kisha hufuata siku tatu au nne za kwanza za ugonjwa, ambazo ndizo za hatari zaidi kwa walio karibu: virusi puani na kooni viko vingi kuliko wakati mwingine wowote, na mara nyingi ndizo siku za homa kali. Baada ya hapo hupungua kidogo kidogo. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huacha kuambukiza kati ya siku ya 5 na ya 7 tangu dalili zianze.

Hapo ndipo inapotoka hesabu ya baba yao, na kwa mtu mzima haiko mbali na ukweli, ingawa siku ya 5 ni mwanzo wa ukomo na si ukomo wenyewe. Kosa lake ni lile neno "yeyote". Mtoto mdogo hajakutana na aina nyingi za virusi hivi, kinga yake huchukua muda mrefu zaidi kuvishinda, na kwa sababu hiyo anaweza kuendelea kuvitoa kwa siku 10 au zaidi. Vivyo hivyo kwa mtu ambaye kinga yake imedhoofishwa na ugonjwa au na dawa. Jambo la pili ni kwamba siku zikihesabiwa peke yake bila kumtazama mtoto zinaweza kudanganya. Alhamisi ilikuwa siku ya 4 ya mwanao. Kama homa ile ingeendelea mpaka Jumamosi, baba angesema siku tano zimetimia, nawe ungekuwa na mtoto mwenye joto la nyuzi 38 akiandaliwa kwenda shule.

Pengine unajiuliza: kama mtoto anaweza kutoa virusi kwa siku 10, mbona nasema alistahili kurudi siku ya 8? Ni kwa sababu kumrudisha shuleni na kuacha kabisa kuambukiza ni mambo mawili yenye tarehe mbili tofauti, na hakuna shule inayoweza kungojea virusi vya mwisho vya kila mwanafunzi. Kuzuia watoto wote kwa siku 10 kungewanyima masomo mengi, na faida yake ingekuwa ndogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya maambukizi hutokea mwanzoni, nyingine hata kabla ya dalili. Ndiyo maana kituo cha kudhibiti na kuzuia magonjwa cha Marekani, CDC, ambacho mwongozo wake kuhusu magonjwa ya njia ya hewa uliandikwa upya mwaka 2024, kinatumia kipimo cha mwili badala ya kalenda: mgonjwa arudi kwenye shughuli zake pale ambapo, kwa muda usiopungua saa 24, hana homa bila kutumia dawa ya kuishusha, na hali yake kwa jumla inaendelea kuwa nzuri. Baada ya hapo huongezwa siku 5 za tahadhari, kwa sababu inajulikana kwamba virusi vilivyobaki bado vinaweza kumpata mtu.

Katika kipimo hicho, maneno yanayopuuzwa mno majumbani ni "bila kutumia dawa", na ndiyo yaliyowaponyoka Alhamisi. Mtoto anapougua influenza, ubongo wake wenyewe ndio unaoupandisha mwili joto ili kupambana na ugonjwa. Parasetamoli huushawishi ubongo ulishushe joto hilo, na maumivu ya kichwa na ya mwili hupungua, lakini haiui kirusi hata kimoja. Mtoto aliyemeza dawa asubuhi akachangamka anatoa virusi sawasawa na angevitoa akiwa amelala kitandani anatetemeka. Tofauti ni kwamba sasa amekaa kwenye dawati na wenzake. Nguvu ya dozi moja hudumu kati ya saa 4 na saa 6. Uliitoa saa kumi na mbili na nusu, na simu ya shule ikaja saa sita mchana, yaani saa tano na nusu baadaye. Joto lile halikuwa jipya. Lilikuwa limefunikwa na dawa, na dawa ilipokwisha likajitokeza.

Utaniambia kwamba aliamka bila joto hata kabla ya dozi hiyo, nami sina shaka na hilo. Joto la mwili wa binadamu, mzima au mgonjwa, huwa chini zaidi alfajiri na hupanda kuelekea alasiri na jioni. Mtoto anayetoka kwenye homa huamka akiwa mwepesi, akaomba uji, mama akashusha pumzi, na kufika saa kumi alasiri joto limerudi. Kwa hiyo kipimo cha asubuhi peke yake hakitoshi kabisa kumrudisha mtoto shuleni. Zile saa 24 zina faida ambayo watu wengi hawaioni: ni lazima zipite juu ya alasiri moja na jioni moja nzima. Mimi huwaambia wazazi kwamba wakishindwa kukumbuka mengine yote, washike hili moja: mtoto apitishe jioni moja kamili bila dawa ya kushusha joto na bila homa, ndipo wazungumzie sare za shule.

Sasa tuitazame Ijumaa yako. Dozi ya mwisho ilikuwa Alhamisi saa nne usiku. Dawa hiyo iliisha nguvu kabla ya alfajiri, Ijumaa kutwa hukumpa nyingine, na jioni, wakati ambao homa ingeonekana kama ingekuwapo, kipimajoto kilisoma 36.9. Saa nne usiku wa Ijumaa zilitimia saa 24 tangu dozi ya mwisho. Hata mtu mkali akisema hesabu ianze pale dawa ilipokwisha nguvu, bado anaishia alfajiri ya Jumamosi. Kwa kuwa Jumamosi na Jumapili hazina shule, leo Jumatatu alikuwa na ziada ya siku mbili.

Kwa habari ya kipimajoto, umefanya vyema kukinunua. Kiganja cha mama kinaijua homa kali, ila homa ndogo inayobaki siku za mwisho mara nyingi hukipita, hasa kama mama mwenyewe ametoka jikoni au ameshika maji baridi. Kwapani, katika zahanati zetu, 37.5 na kuendelea huhesabiwa kuwa ni homa. Pangusa jasho la kwapa kwanza, ncha iguse ngozi na si shati, mkono ubanwe ubavuni, na usikitoe mpaka kilie. Usimpime mara tu baada ya kuoga au ya kukimbia uwanjani.

Mwalimu anawajali watoto wake, na naomba umweleze kwa upole, lakini kikohozi si kipimo sahihi cha influenza. Ndani ya njia ya hewa kuna chembe zenye vinyweleo vidogo mno vinavyofagia makamasi na vumbi kuvitoa nje. Virusi vya influenza huzishambulia chembe hizo hizo na kuziua kwa wingi. Kinga ikishavimaliza virusi, ukuta ule wa ndani unabaki umechubuka, vinyweleo havijaota tena, na njia pekee iliyobaki ya kutoa makamasi ni kukohoa. Ukarabati huo huchukua wiki 2 na wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo mtoto anaweza kuendelea kukohoa siku nyingi baada ya kuacha kumwambukiza mtu, na kumsubirisha mpaka kikohozi kiishe kabisa kungempotezea karibu mwezi wa masomo. Kinachotazamwa ni mwelekeo wake: je, kinazidi kupungua, mtoto analala usiku, anakula, anaweza kukaa darasani bila kuchoka? Kikohozi kinachoongezeka siku hadi siku baada ya homa kuisha ni habari nyingine, nacho kinahitaji tabibu.

Naona chanzo cha imani ya jirani. Yako maambukizi ya koo yanayoletwa na bakteria waitwao streptokoki, na mtoto mwenye ugonjwa huo, akishatumia antibiotiki inayofaa kwa muda wa siku moja hivi, kwa kawaida haambukizi tena na anaweza kurudi shuleni. Kanuni hiyo ni ya kweli kwa ugonjwa huo. Influenza ni virusi, na amoksilini haivigusi, wala haipunguzi hata saa moja ya muda wa kuambukiza. Ungempa, angeendelea kuwaambukiza wenzake huku nyumba nzima ikiamini yuko salama, tena pengine akiharisha kwa sababu ya dawa. Antibiotiki ina nafasi yake pale tu bakteria wanapoingia mapafuni, masikioni au kwenye sainasi baada ya virusi kuidhoofisha njia ya hewa, na anayeamua hilo ni tabibu aliyemsikiliza mtoto kifua.

Ukirudi shuleni kesho, usiende na ubishi wa kikohozi. Nenda na hesabu: homa ilianza lini, dozi ya mwisho ilikuwa lini, joto la jioni iliyofuata lilikuwa ngapi. Mwambie mwalimu pia kwamba zile siku 5 za tahadhari, zikianzia Jumamosi alipotimiza saa 24, zinafika Jumatano, na kwa siku hizo unaomba mtoto avae barakoa darasani, akae karibu na dirisha lililo wazi, asichangie chupa ya maji wala kikombe, akohoe kwenye kiwiko na si kiganjani, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya uji wa saa nne. Katika hayo, dirisha na barakoa ndivyo ninavyovipa uzito mkubwa, kwa sababu virusi hivi husafiri zaidi kwa matone na chembe za pumzi. Kunawa mikono ni kwa ajili ya vile vilivyotua juu ya dawati au kitasa, ambako kwenye sehemu ngumu vinaweza kudumu siku moja au mbili. Mwalimu aliyeona mzazi amekuja na mpango kama huo kwa kawaida hupata amani.

Kuhusu mdogo wake, kaka akiwa na influenza ni rahisi kudhani kwamba na homa ya huyu ni hiyo hiyo. Yaelekea ndivyo, kwani kaka yake alikuwa bado na homa Alhamisi, na siku tatu zinaangukia vizuri ndani ya zile siku 1 hadi 4. Hata hivyo mpeleke apimwe malaria kwa kipimo chake mwenyewe, leo au kesho, kwa sababu malaria hailiheshimu jibu la kaka. Ikiwa si malaria, hesabu yake inaanza Jumapili, na siku zake za kuambukiza sana zinafika Jumatano au Alhamisi. Usiahidi siku ya kurudi. Ukitaka kumpa parasetamoli kwa maumivu na homa, mpe kwa kipimo cha uzito wake kilichoandikwa au alichoelekeza mfamasia, dozi zisizidi 4 kwa siku, na usimpe aspirini hata kidogo, maana kwa watoto wenye influenza inaweza kuleta madhara makubwa ya ini na ubongo. Andika saa ya kila dozi ukutani au kwenye daftari. Utaihitaji kuhesabia zile saa 24.

Akiwa nyumbani, mtazame anavyopumua akiwa ametulia au amelala, fulana ikiwa imepandishwa. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa umri wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni haraka kupita kiasi, na kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, usisubiri asubuhi. Vivyo hivyo akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea kiasi cha kutoamka vizuri, au midomo ikibadilika kuwa ya bluu. Iko pia homa ya kurudi ambayo ni tofauti na ile ya Alhamisi. Homa inayorudi saa chache baada ya dozi kuisha ni ugonjwa ule ule unaoendelea. Homa iliyokwisha kabisa bila dawa kwa siku moja au mbili, mtoto akaanza kucheza, kisha ikarudi pamoja na kikohozi kizito zaidi, mara nyingi ni dalili kwamba bakteria wameingia mapafuni. Hili liangalie kwa watoto wote wawili, mkubwa akiwamo, hata akiwa amesharudi darasani.

Nimemwacha bibi mwisho kwa kuwa kwake kanuni ya saa 24 haitoshi. Kanuni ile inafaa kwa darasa la watoto wenye afya, ambao wengi wao wakiambukizwa watapona. Mtu mzima mwenye kisukari akipata influenza ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata nimonia na kulazwa, na sukari yake huvurugika wakati wa homa. Kumlaza mtoto chumba kimoja naye ni saa nane au tisa za kupumua hewa moja, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa kwa sababu ya baridi ya huko kwenu. Hapo tumia ule muda mrefu wa watoto, yaani siku 10 tangu dalili zianze: mkubwa asilale na bibi kabla ya Jumatano ya wiki hii kupita, na mdogo asikae karibu naye mpaka Jumatano ya wiki ijayo. Kama vyumba havitoshi, bora watoto wawili walale pamoja kwenu au sebuleni, bibi abaki peke yake, na mchana afungue dirisha. Chakula cha bibi kisibebwe na mtoto anayekohoa.

Na kwa siku hizo mpime bibi joto asubuhi na jioni. Akianza homa, kikohozi au uchovu usio wa kawaida, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na umweleze daktari kwamba nyumbani kuna wagonjwa wawili wa influenza na kwamba yeye ana kisukari. Zipo dawa zinazopigana na virusi hivi, kama oseltamiviri, ambazo hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili za kwanza. Pale zinapopatikana, mtu kama yeye ndiye hupewa kipaumbele. Apime na sukari mara nyingi zaidi kuliko kawaida mpaka homa ipite, na asiache dawa zake za kisukari kwa sababu tu hamu ya kula imepungua, bila kumuuliza daktari wake kwanza.